Kredi zimekubaliwa, GPA ni sifuri: pointi za Bukavu zimeenda wapi?

Mwezi wa nane, jioni moja, papa mmoja wa Kadutu alinijia nyumbani akiwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyefiwa. Anajua kwamba nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya masomo ya chuo kimoja hapa Bukavu. Kijana wake alisoma hapa miaka miwili ya usimamizi wa biashara, akavuka mwaka wa kwanza na wa pili vizuri, kisha akaenda Marekani kwa mama yake mdogo na kuingia chuo kikuu cha kule. Chuo kilikuwa kimempa ruhusa ya kufungua ukurasa wake wa matokeo, naye akampigia babake picha ya kioo. Chini kabisa paliandikwa: GPA 0.00.

"Mwalimu," akaniambia, "mutoto alimaliza miaka miwili, nililipa minervali miaka miwili, leo wanamwandikia zero. Ile miaka walitupa wapi?"

Hawakuitupa. Lakini namwelewa, kwa sababu swali hilo nimelisikia Nguba, Bagira, hata kwa simu kutoka Goma, na karibu kila mara limechanganya vitu viwili ambavyo kwenye karatasi hukaa mstari mmoja. Tuvitenganishe kwanza.

Kredi ni kipimo cha kazi uliyomaliza. Katika mfumo wa LMD tunaoufuata Kongo, mwaka mzima wa masomo una kredi 60, na lisansi ya miaka mitatu ina 180. Ukifaulu somo, unapata kredi zake zote, iwe ulipata 10 kwa 20 au 17 kwa 20. Kredi inasema tu: kazi hii imeisha.

GPA ni kitu kingine. Ni wastani wa ubora wa kazi hiyo, kwa kipimo cha Marekani kinachoanzia 0 hadi 4. Alama A ina thamani ya 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na F, yaani kuanguka, ni 0. Unazidisha thamani ya kila alama kwa kredi za somo lake, unajumlisha, kisha unagawa kwa jumla ya kredi za masomo yaliyopewa alama.

Kwa hiyo kuna swali la "umefika wapi?" na kuna swali la "umekwendaje?". Kredi zinajibu la kwanza, GPA inajibu la pili. Mwanafunzi anayehama na kredi zake, katika vyuo vingi vya Marekani, huhama na jibu la kwanza peke yake. Kredi zinaingia kwenye hesabu ya kupata diploma, ila alama zake haziingii kwenye wastani. Hiyo 0.00 ilikuwa na maana kwamba chuo kipya hakijampa mtihani hata mmoja, basi hakina cha kugawanya.

Papa alitikisa kichwa. Nikamuuliza kama anakumbuka safari za Uvira. Mtu anatoka Bukavu kwa gari moja, anashuka miteremko ya Ngomo hadi Kamanyola. Pale anabadili gari, anamalizia Uvira na dereva mwingine. Zile kilomita za Ngomo ni zake, amezitembea, hakuna wa kumrudisha Bukavu azianze upya. Lakini ukimuuliza huyu dereva wa pili, "Wewe unaendeshaje?", atajibu kwa barabara ya kutoka Kamanyola kwenda Uvira tu. Hawezi kusifiwa kwa kona za Ngomo wala kulaumiwa kwazo, kwa kuwa usukani haukuwa mikononi mwake. Chuo kipya ndicho dereva wa pili. Kilomita kinazihesabu, ila uendeshaji wa mwenzake hakiutilii sahihi.

Kuna sababu nyingine yenye uzito zaidi kwetu sisi wa Kongo. Hapa mtu mwenye 14 kwa 20 anapongezwa. Kwa mfumo wetu wa zamani, asilimia 70 ndipo distinksyo inapoanzia, na jiri haiitoi ovyo. Kwa mwalimu wa Marekani, asilimia 70 kwa kawaida ni C, alama ya mwanafunzi wa katikati. Chuo kikichukua 14 yetu na kuiingiza hivyo hivyo kwenye GPA, kitamwonea mtoto aliyefanya vizuri. Kikiibadilisha kwa jedwali, kitalazimika kuamua kama 14 ya Bukavu ni sawa na 14 ya Lubumbashi, ya Dakar au ya Lyon. Vyuo vingi vimeona ni haki zaidi kukubali kazi na kuacha alama zilikotoka.

Hapo papa akatoa karatasi ya pili, na nikaona chanzo halisi cha huzuni yake. Ilikuwa ripoti ya WES, taasisi ya Marekani ya Kaskazini inayosoma releve za nchi nyingine na kuzifafanua kwa lugha ya vyuo vya kule. Kwenye ripoti hiyo kijana alikuwa na GPA ya 3.1. "Mwezi wa nne alikuwa na tatu na kitu," papa akasema, "mwezi wa nane ana zero. Mwalimu, si wameiba?" La. Ile 3.1 ilikuwa tafsiri ya alama zake za Bukavu, nayo ilifanya kazi moja: kumfungulia mlango wa kuandikishwa. Alipoingia ndani, chuo kilifungua daftari lake chenyewe, na daftari jipya huanza bila alama. Karatasi zote mbili zilisema kweli, kila moja kuhusu kitu chake.

Ilibaki hesabu ya kredi. Kijana aliondoka na 120 za Kongo, chuo kikamwandikia 54. Papa aliona zaidi ya nusu imepotea. Lakini kule mwaka mzima wa masomo ni kredi 30, si 60, na diploma ya miaka minne ni 120. Mwaka ni uleule, kikombe ndicho tofauti. Maharagwe uliyoyapima sokoni kwa kopo la gigozi ukaja kuyapima nyumbani kwa bakuli yatakupa hesabu nyingine, bila punje hata moja kudondoka. Kwa hiyo 120 zetu, yaani miaka miwili, ni sawa na 60 zao. Kilichokataliwa ni 6, na hizo nitazirudia mwishoni kwa sababu zina somo lake.

Mwezi wa kwanza papa akarudi. Semesta ya kwanza ilikuwa imekwisha. Kijana alifanya masomo manne, kila moja la kredi tatu. Akapata A moja, B moja, C moja, na somo la nne, uhasibu, akaanguka: F. Ukurasa wake sasa ulisomeka hivi:

```
                    Earned Hrs   GPA Hrs   Points   GPA
TOTAL INSTITUTION         9.00     12.00    27.00  2.25
TOTAL TRANSFER           54.00      0.00     0.00  0.00
OVERALL                  63.00     12.00    27.00  2.25
```

Mstari wa kwanza ni masomo ya chuo hicho chenyewe, wa pili ni yale yaliyohamishwa, wa tatu ni jumla. `Earned Hrs` ni kredi alizopata, yaani zinazohesabiwa kwenye diploma. `GPA Hrs` ni kredi zinazogawanya wastani. `Points` ni alama zilizozidishwa: A inatoa 4 mara 3, yaani 12, B inatoa 9, C inatoa 6, F haitoi kitu. Jumla ni 27, ukigawa kwa 12 unapata 2.25.

Tulia hapa kidogo, maana ndipo fundo lilipo. Angalia lile somo la uhasibu aliloanguka. Halimo kwenye kredi alizopata, ndiyo maana ana 9 na si 12, ila limo kwenye kredi zinazogawanya. Masomo ya Bukavu yako kinyume chake kabisa: yamo kwenye kredi alizopata, hayamo kwenye zinazogawanya. Somo ulilofeli linakaa upande wa wastani tu, somo ulilohamisha linakaa upande wa diploma tu. Safu hizi mbili hazifanani na hazikusudiwi kufanana. Mtu akishaliona hilo, karibu kila fumbo la karatasi hizi linafunguka.

Binamu ya kijana, anayejua kompyuta, alikuwa ametengeneza jedwali lake ili kuhakiki. Akajumlisha kredi zote, 54 na 12, akapata 66, kisha akagawa 27 kwa 66. Ikatoka 0.41. Familia ikalala vibaya siku mbili. Kosa lake ni la kawaida, hata makarani huliangukia: aliweka kredi za Bukavu chini ya mstari wa kugawanya, huku juu hazikuleta pointi hata moja. Ni kama kugawa nyama ya mbuzi mmoja kwa wageni waliokuja na wale ambao hawakualikwa. Kredi iliyohamishwa ama iingie juu na chini kwa pamoja, ama isiingie popote. Ukiona wastani wa mtu aliyehama umekuwa mdogo kiasi cha kushangaza, tazama kwanza kama kigawanyo kina kredi zisizo na alama.

Kosa la upande wa pili linaonekana pia. Mtu anaona `GPA Hrs` ni 12 na kusema, "Basi chuo kinamwona kama wa mwaka wa kwanza." Hapana. Kwa diploma ana 63 kati ya 120, amepita nusu ya njia.

Sasa niseme jambo ambalo wazazi hawaambiwi mapema, nami linaniuma kila ninapoliona. Mwanafunzi aliyehama hana mto wa kuegemea. Chukua mwenzake aliyeanza kwenye chuo hicho tangu mwaka wa kwanza, mwenye kredi 54 zilezile, zote kwa wastani wa B. Huyo anaingia semesta hii na pointi 162. Akipata A, B, C na F kama kijana wetu, anakuwa na pointi 189 juu ya kredi 66, na GPA yake inakuwa 2.86. Masomo yaleyale, alama zilezile, kuanguka kulekule: mmoja ana 2.86, mwingine ana 2.25. Katika vyuo vingi ukishuka chini ya 2.00 unaandikiwa onyo, na yule aliyehama anaukaribia mpaka huo kwa somo moja tu. Tena anaukaribia katika semesta ileile anayojifunza Kiingereza cha darasani, baridi na mabasi ya kule. Kama kuna ushauri mmoja ninaoutoa bila kuulizwa, ni kwamba semesta ya kwanza achukue masomo machache yanayoruhusiwa, na lile gumu kuliko yote lisubiri.

Upande wa heri ni kwamba kigawanyo kidogo kinapanda haraka kama kinavyoshuka. Semesta moja nzuri ya kredi 15, zote B, ingemtoa kijana kwenye 2.25 hadi 2.67. Mwenzake mwenye kredi 66 angesogea kidogo sana.

Papa alikuja na wazo. Alisikia kuna chuo kidogo karibu na anapokaa kijana, cha miaka miwili, chenye bei nafuu. Kwa nini asirudie uhasibu pale, apate A, alete kredi? Wazo linaonekana zuri, na ndilo mtego mkubwa kuliko yote katika jambo hili. Akirudia kule na kufaulu, somo litaletwa kama lililohamishwa. Kredi zitapanda kutoka 63 hadi 66. Lakini ile F itabaki pale pale ilipo, kwa maana iliandikwa na chuo chake, na alama ya nje haina ruhusa ya kuigusa. GPA itabaki 2.25, kama vile hakufanya kitu.

Akirudia uhasibu kwenye chuo chake mwenyewe na kupata B, mambo hubadilika. Kama kanuni ya chuo ni kwamba alama mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani, pointi zinakuwa 36 juu ya 12, na GPA inaruka hadi 3.00. Kama kanuni inahesabu zote mbili, pointi 36 zinagawanywa kwa 15 na GPA inakuwa 2.40. Tofauti hiyo ni kubwa, na iko katika kitabu cha kanuni cha kila chuo, si katika kichwa cha mtu anayekushauri. Ukitaka kurekebisha wastani, rudia ulipoangukia. Ukitaka kredi tu, hapo unaweza kutafuta pa bei rahisi, baada ya kuomba kibali cha maandishi kwamba somo hilo litapokelewa.

Wengine hufanya kinyume: wanarudia kwenye chuo kipya somo ambalo tayari lilikubaliwa kutoka Kongo, hesabu au takwimu, ili wajipatie A rahisi. A itaingia kwenye GPA, ni kweli. Lakini somo moja halilipwi kredi mara mbili. Ile iliyohamishwa itaondolewa na safari ya diploma haitasogea hata hatua. Na ada ya somo italipwa.

Uvumi mwingine unaokwenda pande zote mbili ni kwamba alama za zamani zimefutwa. Aliyefanya vibaya hapa anafurahi: "Nimeanza upya." Aliyefanya vizuri analia. Wote wawili wamekosea, kwa kuwa releve ya Bukavu bado ipo na mihuri yake. Akiomba masta, chuo kwa kawaida kitadai releve za kila mahali alipowahi kusoma. Kwa vijana walioanzia vyuo vidogo vya Marekani kabla ya kuhamia vikubwa, jambo hili ni kali zaidi: LSAC, taasisi inayopokea maombi ya shule za sheria za kule, hukokotoa wastani wake yenyewe na kuziingiza tena alama za vyuo vyote vya awali vya Marekani, hata kama chuo cha mwisho hakikuzihesabu.

Wala mtu asidhani kwamba anaweza kukusanya kredi huku na kule, kisha aende mahali penye jina kubwa kuchukua diploma tu. Kila chuo kinadai sehemu fulani ya kredi zipatikane kwake. SACSCOC, inayothibitisha ubora wa vyuo vya majimbo ya kusini ya Marekani, inataka angalau robo ya kredi za diploma zitoke kwenye chuo kinachoitoa. Katika 120, hizo ni 30. Nako kupata diploma yenye heshima ya juu mara nyingi kunahitaji idadi ya kredi zenye alama za chuo hicho, ambayo aliyehama akiwa amechelewa anaweza asiifikie hata akiwa na A tupu.

Nirudi kwenye zile 6 zilizokataliwa. Zilikuwa masomo mawili, kila moja kredi 6 za Kongo, sawa na 3 za kule. La kwanza kijana alipata 9 kwa 20. Hapa alilivuka kwa kompansasyo: alama za masomo mengine ya semesta zililibeba, jiri ikampa kredi zake, na ni halali kabisa kwetu. Chuo cha Marekani hakitazami semesta kwa pamoja; kinatazama kila somo peke yake, na kwa kawaida kinataka lisiwe chini ya C. Tisa ikaonekana tisa. Hiyo imekwenda, hakuna barua ya kuirudisha. Anayefikiria kuhama siku moja ajue kwamba kredi iliyobebwa na alama za masomo mengine inaweza kumwacha mpakani.

Somo la pili alilipata kwa 13, likakataliwa kwa sababu chuo hakikuelewa lilifundisha nini. Releve ilikuwa na jina lake tu. Hilo linarekebishika. Nilimwambia papa aende kwenye ofisi ya fakulte aombe maelezo ya somo: yaliyofundishwa sura kwa sura, saa za darasani, vitabu, jinsi ya kupima, yote kwa karatasi yenye muhuri na sahihi, kisha yatafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayekubalika. Kijana ayapeleke kwenye ofisi inayoshughulikia uhamisho wa kredi, pamoja na barua fupi ya kuomba somo litazamwe tena.

Wiki tatu baadaye papa alikuwa nayo, kurasa nne, muhuri wa bluu. Aliniwekea mezani.

"Wakikubali hii, Mwalimu, GPA itapanda?"

"Hapana, Papa. Itabaki 2.25."

Alinyamaza, akahesabu kwa vidole. "Lakini kredi zitakuwa sitini na sita. Itabaki hamsini na nne ya kusoma, si hamsini na saba. Somo moja hatutalilipa."

Akaikunja karatasi vizuri, akaiweka ndani ya bahasha.